Umeambiwa una presha: ya kuzingatia kabla ya kupimwa moyo, figo na macho

Shangazi yangu anaishi Mtongwe. Alipimwa presha kwa siku tatu tofauti na mara zote ilizidi 160 kwa 95. Daktari akamwandikia vidonge vya amlodipini, kisha akamkabidhi karatasi yenye vipimo vinne: ECG, eko ya moyo, albumini kwenye mkojo, na macho. Jioni alinipigia simu. "Mwanangu, mimi nimekwenda kwa presha, mbona wanataka macho yangu?"

Swali lake ni la haki. Presha ikikaa juu kwa miaka bila mtu kujua, mishipa midogo ndiyo huumia mwanzo, na mishipa hiyo imejaa kwenye figo na nyuma ya jicho. Moyo nao, kwa kusukuma damu dhidi ya kizuizi kila siku, hunenepa misuli kama mkono wa mpagazi. Siku ya kuambiwa una presha si siku ugonjwa ulipoanza, kwa hiyo daktari anataka kujua umeshafika wapi. Majibu yake hubadilisha mambo: mwenye presha ya wastani ambaye figo au moyo umeshaguswa huanzishiwa dawa bila kungojea, na aina ya dawa huchaguliwa kwa kufuata kiungo kilichoguswa.

Mimi ni muuguzi, na nimeona watu wakifanya vipimo hivi halafu wakalazimika kuvirudia kwa sababu ya mambo madogo yaliyotokea kabla ya kufika kliniki. Haya ndiyo niliyomweleza shangazi.

La kwanza, dawa zisisubiri vipimo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri vipimo vya mwanzo vifanywe pale tu ambapo havitachelewesha tiba. Kama eko ina foleni ya wiki tatu, meza vidonge vyako wiki hizo tatu. Hata asubuhi ya kipimo, meza kama kawaida isipokuwa daktari amekwambia vingine. Kuna wanaoacha dawa "ili mashine ione ugonjwa vizuri". Moyo ulionenepa hauponi kwa kuacha kidonge siku moja wala haujifichi kwa kukimeza. Kinachopanda ni presha tu.

Kipimo kinachoharibika kirahisi kuliko vyote ni mkojo, na hapo nitakaa kidogo. Kinachotafutwa ni albumini, protini ambayo figo nzima huizuia isipite. Kile kijiti kinachochovywa na kubadilika rangi hushika albumini ikiwa nyingi, lakini uharibifu wa mwanzo hukipita. Ndiyo maana fomu huandikwa ACR: maabara hupima albumini na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa, katika mkojo uleule, kisha huligawa la kwanza kwa la pili. Kwa hesabu hiyo, ukiwa umekunywa maji mengi au machache matokeo hayayumbi sana, kwa kuwa vyote viwili hupungua au kuongezeka pamoja. Basi usijishindilie chupa mbili za maji kwenye foleni; kunywa kama siku zote.

Mkojo unaofaa zaidi ni wa kwanza wa asubuhi, ule wa kuamkia. Omba kichupa siku moja kabla, kwa sababu ukingoja kupewa kliniki saa nne, ule wa alfajiri umeshapotea. Ahirisha kipimo kama una homa, kama kukojoa kunakuchoma, kama uko katika siku zako za mwezi, au kama jana yake ulifanya kazi ngumu au mazoezi mazito. Hayo yote hupandisha albumini kwa muda ingawa figo ni salama.

Shangazi hakunisubiri. Alipeleka mkojo wa alasiri, na alikuwa na maumivu ya kukojoa tangu juzi yake. Jibu likaja 140 mg/g, wakati mpaka wa kawaida ni chini ya 30. Alilia. Alitibiwa maambukizi ya mkojo, akangoja wiki kadhaa, akarudia kwa mkojo wa asubuhi: 52. Kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu figo zake zimeguswa. Hutakiwa viwili kati ya vitatu viwe juu, ndani ya takriban miezi mitatu. Cha tatu alikifanya maabara nyingine, na jibu likasomeka 5.4. Akafurahi, akadhani imeshuka mara kumi. Nilimwomba anisomee herufi zilizofuata: mg/mmol. Hicho ni kizio tofauti cha kupimia, ambacho mpaka wake ni 3, na ukitaka kukirudisha kwenye mg/g unazidisha kwa karibu 9. 5.4 ni sawa na 48 hivi, yaani palepale. Kwa hiyo usisome namba peke yake, soma na herufi zilizo mbele yake, na ikiwezekana rudia kwenye maabara ileile.

Daktari alimwongezea losartani, dawa nyingine ya presha, kwa sababu ya matokeo hayo, maana dawa za kundi hilo hupunguza albumini inayovuja. Zinahitaji damu ipimwe kreatinini na potasiamu kabla na wiki chache baadaye, basi kama umeandikiwa, uliza tarehe ya kurudi kabla hujatoka mlangoni.

ECG ni kipimo chepesi. Unalala chali, unabandikwa vibandiko 10 kifuani, mikononi na miguuni, dakika chache umemaliza. Hakitoi umeme kukuingizia mwilini, kinasikiliza tu ule ambao moyo unautoa. Kwetu Pwani shida kubwa ni mafuta. Ukijipaka mafuta ya nazi asubuhi, vibandiko vinateleza na mistari inatetemeka hata isisomeke. Oga, jifute, nenda na ngozi kavu. Kina mama wavae blauzi na sketi ndani ya buibui badala ya dera, ili kifua kifunuliwe bila kuvua kila kitu, na wabebe leso ya kujifunika. Ukitaka kupimwa na mwanamke, sema unapoweka miadi, kwa sababu siku yenyewe pengine hayupo zamu.

Kwenye karatasi ya ECG, njia moja ya kutafuta moyo ulionenepa ni kuchukua kina cha wimbi la kushuka, S, kwenye mstari wa kibandiko cha kifuani kiitwacho V1, na kukijumlisha na urefu wa wimbi la kupanda, R, kwenye V5 au V6. Ikifika milimita 35 au zaidi, kuna shaka. Ya shangazi ilikuwa 14 na 17, jumla 31, na ikaandikwa kawaida. Hapo ndipo wengi hukunja karatasi na kwenda zao. Lakini ECG huwakosa wengi wenye moyo ulionenepa, hasa wenye mwili, kwa kuwa nyama na mafuta ya kifua hupunguza mawimbi. Kinyume chake, kijana mwembamba mwenye afya anaweza kuvuka 35 bila ugonjwa wowote. Eko ndiyo inayokata shauri, kwa kuwa yenyewe hupima unene wa kuta kwa picha.

Eko haitaki kufunga kula, haina mionzi, na huchukua kama nusu saa hivi. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli baridi, na mpimaji anabonyeza kati ya mbavu, wakati mwingine kwa nguvu kidogo. Jambo la kujiandalia ni lile ambalo hakuna anayelitaja: urefu na uzito wako. Mashine hukadiria uzito wa misuli ya chemba ya kushoto, kisha huugawa kwa eneo la mwili, linalotokana na urefu na uzito. Kwa mwanamke, ikizidi gramu 95 kwa kila mita mraba, moyo umenenepa. Kwa mwanamume ni 115.

Ukuta wa kati wa moyo wa shangazi ulikuwa sentimita 1.2, wa nyuma 1.1, na upana wa chemba 4.6. Hesabu hutoa misuli ya gramu 193. Ana sentimita 160 na kilo 74, eneo la mwili mita mraba 1.81, na 193 ukigawa kwa 1.81 unapata 107. Imezidi. Lakini karatasi aliyopewa iliandikwa 94, kawaida. Nilitazama juu ya ukurasa: uzito kilo 94. Alikuwa ameulizwa mdomoni, kelele za korido zikazidi, 74 ikaingia kama 94, na eneo la mwili likapanda hadi 2.04. Kuta zilipimwa sawasawa. Tarakimu moja ya uzito ndiyo iliyogeuza jibu. Tulirudi wakalisahihisha bila ubishi. Kwa hiyo omba upimwe kwenye mizani na kwenye ukuta wa urefu siku hiyohiyo, na kabla hujaondoka soma mistari miwili ya juu ya ripoti. Angalia pia unene wa kuta wenyewe: kwa mwanamke, kawaida haivuki sentimita 0.9.

Macho yapangie siku yake. Daktari hutia matone ya kupanua mboni, unakaa nusu saa hivi, ndipo anamulika nyuma ya jicho kutazama mishipa. Kwa saa nne hadi sita baadaye utaona ukungu ukisoma, na jua litakuumiza. Usiendeshe gari wala bodaboda. Kama unavuka feri ya Likoni, njoo na mtu wa kukushika mkono kwenye ule mteremko, pamoja na miwani ya jua na kofia. Chukua miwani unayotumia kila siku, na mwambie daktari kabla ya matone kama wewe au ndugu yako ana presha ya macho.

Shangazi alikutwa na mishipa iliyosinyaa kidogo, hakuna damu iliyovuja. Angekutwa na damu au uvimbe kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu wa jicho, na presha imefika 180 kwa 110 au zaidi, angepelekwa hospitali saa ileile. Hata kwa asiyefika kwenye kipimo ni hivyohivyo: presha ya juu namna hiyo pamoja na macho kufifia ghafla, kichwa kikali, kifua kubana, au mkono kulegea, haingoji miadi. Hiyo ni ya chumba cha dharura, usiku au mchana.