Chaji inaisha usiku simu imelala: ni programu au ni mtandao hafifu?

Simu inawekwa mezani saa nne na nusu usiku ikiwa na chaji asilimia 94. Saa kumi na mbili asubuhi inakutwa na 67, na hakuna aliyeigusa. Mwenye simu anafungua takwimu za betri, anaiona programu iliyokaa juu kabisa, anaifunga. Usiku unaofuata chaji inaondoka vilevile. Kwenye kazi ya ufundi wa simu naliona hili kila mara, na nitatumia simu hiyohiyo ya mteja kuonyesha namna ya kumpata mlaji halisi.

Hatua ya 1: Pata kipimo cha usiku

Kabla ya kulala andika asilimia ya chaji na saa. Ukiamka andika tena. Hapa zimepotea pointi 27 kwa saa saba na nusu, yaani zaidi ya tatu na nusu kwa saa. Simu iliyotulia, yenye mtandao mzuri na betri ambayo haijachoka, kwa kawaida hupoteza chini ya pointi moja kwa saa. Ukipoteza tano au sita kwa usiku mzima, huna tatizo la kutafuta.

Hatua ya 2: Soma takwimu kabla hujachomeka chaja

Simu nyingi huanza hesabu upya zikijaa chaji, kwa hiyo angalia kwanza, piga picha ya skrini, ndipo uchaji. Kwenye Android nenda `Settings`, kisha `Battery`, kisha `Battery usage`. Kama kuna grafu ya saa, gusa nguzo za usiku tu, usichanganye na matumizi ya mchana.

Simu nyingi za Android zina orodha mbili hapo: moja ya programu, nyingine ya mfumo wenyewe, unayoipata kwa kuchagua `View by systems`. Kwenye hiyo ya pili ndiko utakuta skrini, Wi-Fi na `Mobile network`. Watu wengi hawaifungui kabisa, na hapo ndipo wanapopotea.

Simu ya mteja ilionyesha programu ya kuhifadhi picha mtandaoni ikiwa na asilimia 41, na ilifanya kazi chinichini kwa zaidi ya saa tatu. Ukiishia hapo utaihukumu. Lakini jumlisha asilimia za orodha ya programu peke yake. Zikikaribia 100, ujue orodha hiyo inajihesabia yenyewe: 41 maana yake ni sehemu ya kilicholiwa na programu, si sehemu ya chaji yote iliyopotea. Kwenye orodha ya mfumo, `Mobile network` ndiyo iliyokuwa juu.

Kwenye iPhone ingia `Settings`, `Battery`, gusa nguzo za saa za usiku. Chini ya jina la programu huweza kutokea maneno `Background Activity`, maana yake ilikuwa inafanya kazi chinichini, au `Low Signal` na `No Cell Coverage`, maana yake simu ilikuwa inahangaika kutafuta mtandao. Ukiyaona haya mawili ya mwisho, umeshapata fununu kubwa.

Takwimu hizi kwa simu nyingi ni makadirio. Simu huhesabu muda ambao kila kitu kilitumika, kisha hukisia umeme uliokwenda. Zinakuonyesha wa kumshuku, lakini uthibitisho unautafuta kwa majaribio.

Hatua ya 3: Majaribio ya usiku mbili

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuwasha hali ya ndegeni usiku, chaji ikitulia useme ni mtandao. Jaribio hilo peke yake linadanganya. Hali ya ndegeni inazima redio ya simu na wakati huohuo inazikatia programu intaneti. Chaji ikitulia hujui ni kipi kilichosaidia. Tenganisha hivi viwili.

Usiku wa kwanza, zima data na Wi-Fi, lakini acha laini zikiwa hewani. Simu bado inaongea na mnara, ila programu hazina intaneti.

Usiku wa pili, washa hali ya ndegeni, halafu washa Wi-Fi peke yake. Sasa programu zina intaneti ya kutosha, lakini redio ya laini imelala.

Simu iwe mahali palepale inapolazwa siku zote. Ukiihamisha umeharibu jaribio.

Ya mteja wangu ilitoka 93 hadi 69 usiku wa kwanza. Pointi 24 zimekwenda bila programu hata moja kupata intaneti. Usiku wa pili ilitoka 95 hadi 90, ilhali programu ya picha ilikuwa na Wi-Fi usiku kucha. Kwa hiyo mlaji ni redio ya laini. Programu ya picha ilikaa juu ya orodha kwa sababu ilikuwa inajaribu kupakia picha kwenye mtandao hafifu, inakwama, inaanza tena.

Matokeo yakija kinyume, usiku wa kwanza shwari na wa pili chaji inaondoka, basi ni programu kweli. Nenda kwenye ile iliyofanya kazi chinichini muda mrefu na uizuie. Usiku zote mbili zikiwa shwari, tatizo ni programu inayotumia data kwenye mtandao hafifu: iruhusu itumie Wi-Fi tu. Zote mbili zikiwa mbaya, acha kuulaumu mtandao. Angalia programu inayoizuia simu kulala hata bila intaneti, au betri iliyochoka.

Hatua ya 4: Pima mtandao pale simu inapolala

Mistari ya mtandao juu ya skrini haitoshi. Kwenye Android nyingi ingia `Settings`, `About phone`, `SIM status`, usome `Signal strength`. Namba ni hasi, na kadiri inavyokwenda mbali na sifuri ndivyo mtandao unavyokuwa hafifu. Kwa 4G, kuzunguka -90 dBm ni vizuri. Ukipita -115 simu inahangaika. Kila dBm 10 zinazopungua, nguvu ya mawimbi inabaki moja ya kumi, na simu hulazimika kupaza sauti zaidi ili mnara uisikie, au kuhamahama kutoka mnara mmoja hadi mwingine.

Pima kila laini. Simu hii ilikuwa na laini mbili: ya kwanza -97, ya pili -121. Laini ya pili mwenyewe alikuwa haitumii usiku kabisa. Tuliizima kwenye mipangilio ya laini, ya kwanza ikabaki hewani kama kawaida, na usiku uliofuata zilipotea pointi 6.

Kama laini hafifu ndiyo unayoitegemea, jaribu kwanza kuisogeza simu karibu na dirisha na upime upya. Mita mbili tatu tu huweza kubadilisha namba kwa zaidi ya dBm 10. Njia nyingine ni kuingia `Preferred network type` na kuishusha laini kutoka 4G kwenda 3G au 2G, ikiwa huo ndio unaofika vizuri pale. Intaneti itakuwa nzito, lakini simu za kupigiwa zitaingia. Rudia kipimo cha usiku baada ya kila badiliko, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.