Kuchuja mtindi uwe mzito: pima maji yanayotoka

Mama mmoja anayeuza mtindi aliniuliza: "Hivi hii protini ya mtindi mzito inatoka wapi, wakati maziwa ni yaleyale?" Nilimwonyesha bakuli lililokuwa chini ya kitambaa.

Chukua kilo 1 ya mtindi wa maziwa ya ng'ombe, wenye protini kama gramu 3.4 katika kila gramu 100. Jumla yake ni gramu 34. Uchuje mpaka maji yafike gramu 500. Maji hayo yana protini kidogo, tuseme gramu 0.4 kwa kila gramu 100, kwa hiyo yameondoka na gramu 2 tu. Gramu 32 zilizobaki zimo ndani ya nusu kilo, yaani gramu 6.4 kwa kila gramu 100. Hakuna protini iliyozaliwa hapo, na kwa jumla imepungua kidogo. Mafuta nayo hukolea vivyo hivyo, lakini kalsiamu nyingi huondoka na maji, basi usimwambie mteja kwamba mtindi mzito unaushinda ule wa kawaida kwa kila kitu.

Protini hubaki kwa sababu kaseini, ile protini kuu ya maziwa, hushikana maziwa yanapochachuka, ikawa kama wavu. Zile protini nyingine, ambazo kwa kawaida hukimbia na maji, hujishika kwenye wavu huo ikiwa maziwa yalipashwa moto hadi nyuzi 85 na kuwekwa hapo dakika 30, kabla ya kupozwa hadi nyuzi 43 na kutiwa mtindi wa kuanzishia. Ukiharakisha hapo, utazimwaga.

Mtindi ukishaganda, uache kwenye friji usiku kucha bila kuukoroga. Chemsha kitambaa cha melimeli dakika 10 (kisiwe kilichofuliwa kwa sabuni ya manukato, harufu itaingia), ukitandike juu ya chujio, umimine mtindi taratibu, ufunike na kuurudisha kwenye friji. Nje ya friji utaendelea kuchacha hadi ukere ulimi. Usitegemee saa, maana kila mtindi huchuja kwa kasi yake: weka bakuli kwenye mizani, ukome maji yakifika kipimo chako.

Yatazame maji hayo. Yakiwa ya kimanjano chenye ukijani, na kitako cha bakuli kinaonekana, mambo ni sawa. Yakiwa meupe kama maziwa, kitambaa kina matundu makubwa au umekikamua. Kukamua ndilo kosa ninaloliona mara nyingi: maji hutoka haraka, na protini hutoka nayo.

Katika bei, kumbuka nusu kilo hiyo imekula kilo nzima ya mtindi. Ukiiuza chini ya bei ya kilo hiyo, unakula hasara hata kabla ya kuhesabu friji na muda wako. Maji kandia unga wa mkate, au wape nguruwe kidogo kidogo mpaka wazoee. Usiyamwage mtoni, yakioza humaliza hewa ya samaki.