Kutafsiri aya ya usanisinuru kwa Kidato cha Pili, na maswali ya kupima kama imeeleweka

Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania amesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote saba. Anapofika sekondari anakuta kitabu ni cha Kiingereza, na mwalimu mwenye huruma humtafsiria aya moja moja ubaoni. Nami nimefanya hivyo miaka mingi. Lakini niliposahihisha madaftari nilikuta sentensi ileile ikijirudia: "mmea hugeuza mwanga kuwa chakula." Watoto hawakuitunga wao. Waliinakili kutoka ubaoni kwangu.

Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa hii:

"Usanisinuru ni mchakato ambao kwao mimea ya kijani inatengeneza chakula chake katika uwepo wa mwanga wa jua. Mmea unachukua maji na kabonidioksidi, na mwanga unabadilishwa kuwa chakula. Oksijeni inatolewa kama takataka."

Hapa chini naonyesha jinsi nilivyoirekebisha.

Hatua ya 1: Funga kamusi, chora jani

Kabla ya kutafsiri neno lolote, chora jani moja na mishale. Mmoja unatoka mizizini: maji. Wa pili unaingia kupitia stomata, yaani vitundu vidogo ambavyo kwa mimea mingi viko zaidi upande wa chini wa jani: kabonidioksidi. Wa tatu unatoka kupitia vitundu hivyohivyo: oksijeni. Wa nne unatoka kwenye jani kuelekea shina, mizizi na matunda: sukari. Mwanga nao una mshale, ila uchore kwa rangi nyingine, kwa sababu si kitu cha kupimwa kwenye mizani. Ni nishati.

Tofauti hiyo ya rangi ndiyo niliyokuwa nimeipoteza. Maji na gesi ndivyo vinavyogeuka sukari. Mwanga hauwi sukari. Unaiendesha kazi, na nishati yake inabaki imefungwa ndani ya sukari hiyo. Mfano ninaoutumia darasani ni kuni. Joto linaloivisha maharage leo ni jua ambalo mti ulilinasa miaka iliyopita.

Hatua ya 2: Tenganisha vitenzi

Kitabu cha Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mizizi, kwa jani na kwa mwanga pia. Kiswahili kina vitenzi vingi na tuvitumie. Mizizi *hufyonza* maji. Gesi *huingia* yenyewe kupitia stomata, haivutwi kama pumzi yetu. Klorofili *hunasa* mwanga. Mwanafunzi akisoma vitenzi vitatu tofauti, anaona matukio matatu tofauti.

Halafu kuna ile "katika uwepo wa mwanga", ambayo wengine huandika "mbele ya mwanga", kana kwamba mmea umesimama mahakamani. Mswahili husema tu "panapokuwa na mwanga".

Hatua ya 3: Amua istilahi, kisha usizibadilishe

Natumia *usanisinuru*, kwa sababu neno lenyewe linajieleza: kusanisi ni kuunganisha vitu kupata kitu kipya, na nuru tunaijua. Natumia *klorofili* na *kabonidioksidi*. Hewa ukaa ni jina zuri kwa habari za tabianchi, lakini darasani lina mtego: mtoto hudhani ni hewa iliyochafuka, tofauti na hewa inayotuzunguka. Kumbe gesi hii imo humohumo kwenye hewa tunayovuta, kwa kiasi kidogo sana, pungufu ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja.

Neno gumu kuliko yote ni *chakula*. Kwetu chakula ni kitu kinachoingia mdomoni. Ndiyo maana ukimwambia mtoto mmea hutengeneza chakula chake, anafikiria mizizi inakula udongo. Taja kitu chenyewe: glukosi.

Hatua ya 4: Aya iliyokamilika

> Usanisinuru ni kazi inayofanyika ndani ya mmea wa kijani, hasa kwenye majani, panapokuwa na mwanga. Mizizi hufyonza maji kutoka udongoni na maji hayo hupanda hadi kwenye majani. Kabonidioksidi iliyomo hewani huingia kwenye jani kupitia stomata. Klorofili, ambayo ndiyo inayolipa jani rangi ya kijani, hunasa nishati ya mwanga. Kwa nishati hiyo maji hupasuliwa: oksijeni yake hutoka nje ya jani kama gesi, na hidrojeni yake hutumika pamoja na kabonidioksidi kutengeneza sukari iitwayo glukosi. Nishati iliyotoka kwenye mwanga sasa imehifadhiwa ndani ya glukosi. Mmea huitumia glukosi kupata nguvu na kujenga mwili wake, na inayozidi hugeuzwa kuwa wanga na kuwekwa akiba.

Kwa kanuni ya kikemia:

```
6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2
```

Neno "takataka" nimelitupa. Ni kweli oksijeni inayotoka ni ziada kwa kazi hii, lakini mtoto aliyeandika "takataka" hukataa baadaye kwamba mmea wenyewe nao huitumia oksijeni.

Hatua ya 5: Maswali

Swali ambalo mwanafunzi anaweza kulijibu kwa kunakili sentensi ya aya halipimi kitu. Haya matano hayanakiliki kirahisi.

1. Sahihisha sentensi hii: "Mmea hugeuza mwanga kuwa chakula."

2. Oksijeni inayotoka kwenye jani ilikuwa sehemu ya nini kabla? (a) kabonidioksidi (b) maji (c) udongo (d) glukosi

3. Mche uliwekwa gizani saa 48. Kisha nusu ya jani moja ikafunikwa kwa karatasi ya foili na mche ukaachwa juani saa 6. Jani likapimwa kwa iodini. Ni sehemu ipi itakuwa na rangi ya buluu-nyeusi? Kwa nini mche ulianzia gizani?

4. Jan van Helmont alipanda mche wa mti kwenye chungu chenye udongo wa kama kilo 90. Kwa miaka 5 aliumwagilia maji tu. Mti uliongezeka kama kilo 74, lakini udongo ukapungua takriban gramu 57 tu. Alisema uzito wote ulitoka kwenye maji. Alisahau nini?

5. Usiku wa manane, je, mmea unaingiza oksijeni, unaitoa, au hakuna kinachoendelea?

Majibu

La kwanza likubali kwa maneno yoyote, mradi mwanafunzi atofautishe kitu na nishati. La pili ni (b). Darasani kwangu wengi huchagua (a), kwa kuwa jina kabonidioksidi lina oksijeni ndani yake. Suala hili lilipatiwa ushahidi mwaka 1941, pale Samuel Ruben na Martin Kamen wa Kalifonia walipotumia maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida na kuikuta oksijeni hiyo ndani ya gesi iliyotolewa na mmea.

Kwenye la tatu, sehemu iliyopata mwanga ndiyo itakayobadilika rangi, kwa sababu ina wanga. Giza la mwanzo ni la kumaliza wanga wa zamani. Bila hivyo hata iliyofunikwa itageuka buluu-nyeusi na jaribio halitasema lolote.

La nne ndilo ninalolipenda. Van Helmont, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1648, alisahau gesi iliyoingia kupitia majani, na ajabu ni kwamba ndiye aliyeanzisha neno "gesi" lenyewe. Chukua gramu 180 za glukosi: 72 ni kaboni, 96 ni oksijeni na 12 ni hidrojeni. Kaboni na oksijeni hiyo vimetoka kwenye kabonidioksidi. Maji yamechangia zile gramu 12 tu. Mwembe ule mkubwa uani, ukiyaondoa maji yaliyomo ndani yake, kwa sehemu kubwa ni hewa iliyofanywa mti.

La tano: unaingiza oksijeni. Mmea hupumua mchana na usiku. Mchana hatuoni kwa kuwa oksijeni inayotengenezwa ni nyingi kuliko inayotumika.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu wa kemia, Tabora:* Jibu la swali la 2 halilingani na kanuni uliyoandika. Maji 6 yana atomu 6 za oksijeni. Upande wa pili umeandika 6O2, yaani atomu 12. Nyingine 6 zimetoka wapi?

Umenikamata vizuri, mwalimu mwenzangu. Kanuni ya vitabu imefupishwa. Kwa uhalisia maji 12 hupasuliwa na maji 6 mapya huundwa mwishoni, hivyo:

```
6CO2 + 12H2O → C6H12O6 + 6O2 + 6H2O
```

Ukitoa 6 kila upande unabaki na kanuni fupi, lakini unapoteza habari ya oksijeni imetoka wapi. Kidato cha pili nawapa fupi. Akiuliza mtoto kama ulivyouliza wewe, nampa ndefu.

*Mwanafunzi, kidato cha tatu:* Shikamoo mwalimu. Baba ni mkulima na anasema mbolea ndiyo chakula cha mahindi. Nikimwambia ni glukosi anacheka.

Marahaba, mwanangu. Usibishane na baba, maana ana hoja yake: bila mbolea mahindi yake yanakuwa ya njano. Nitrojeni ya mbolea inahitajika kujenga protini na hiyo klorofili yenyewe, ndiyo maana ikikosekana jani linapoteza ukijani. Ila mmea haupati nguvu za kuishi kutoka kwenye mbolea. Mwombe afunike shina moja la mahindi kwa ndoo kwa wiki mbili, aliwekee mbolea na maji kama kawaida, kisha mlitazame pamoja.

*Mzazi, Morogoro:* Kwa hiyo ni kweli kwamba kulala na maua chumbani usiku ni hatari?

Hapana, mama. Oksijeni inayotumiwa na chungu kimoja cha maua ni kidogo sana ukilinganisha na anayotumia mtu mmoja aliyelala humohumo.

*Mwalimu wa biolojia, Lindi:* Jaribio la swali la 3 limenishinda mara mbili. Jani lote linabaki hudhurungi, hata sehemu iliyopata jua.

Hudhurungi ni rangi ya iodini yenyewe. Maana yake haijakuta wanga, au haijaufikia. Anza na hili la pili. Jani lichemshwe kwenye maji dakika moja hivi ili chembe zake zife na iodini iweze kupenya, kisha liwekwe kwenye spiriti ya moto mpaka ukijani utoke na jani libaki jeupe. Spiriti usiiweke juu ya moto, inawaka. Zima jiko kwanza, ndipo utumbukize chombo cha spiriti ndani ya maji yaliyokwisha kuchemka. Jani likitoka humo linakuwa kavu na la kuvunjika, basi lichovye kwenye maji ya moto lilainike kabla ya kudondoshea iodini. Ulitumia jani la mmea gani?

*Mwalimu wa biolojia, Lindi:* Kitunguu, ndicho kilichokuwa kwenye bustani ya shule.

Basi ndiyo sababu. Kitunguu hakiweki akiba yake ya majani kama wanga, kinaiacha kama sukari, na iodini haigusi sukari. Tafuta jani la maharage au la muhogo.