Mwambie mkiwa mnatembea, si mezani

Mmeshatoka mara tatu nne na unataka ajue kuwa unampenda? Usimwambie mezani mkitazamana, chakula ndiyo kwanza kimeletwa. Subiri mwisho, mkiwa mnatembea kuelekea kituo cha daladala. Mkienda bega kwa bega hakuna anayekaziwa macho, na baada ya dakika chache kila mtu anapanda gari lake bila aibu. Toa kauli, si swali: "Nimekupenda. Napenda unavyonicheka nikijifanya najua kila kitu. Ningependa tuendelee kuonana kama wapenzi. Si lazima unijibu leo." Ukiuliza "hivi unanionaje?" unamtwisha yeye mzigo wa kuanza. Na hilo jambo moja dogo la kwake, hapo ni anavyokucheka, ndilo linaloonyesha hukukariri. "Wewe mzuri" keshaambiwa na wengi. Halafu nyamaza. Hapo ndipo watu huharibu, wanajaza kimya kwa utani mpaka yote yanageuka mzaha. Njia hii haifai kama wewe ndiye unayemrudisha kwao kwa gari lako, maana hana pa kutokea. Na akisema "asante" kisha akaulizia daladala, ameshajibu. Usimrudie usiku kwa meseji.