Kabla ya kumaliza bando kwa gemu yenye sifa nyingi

Kwa wenzangu wa Dodoma tunaopakua gemu kwa bando la simu: asilimia ya Steam si alama ya ubora. Ni sehemu ya walioandika maoni waliobonyeza dole juu, na aliyeipenda kidogo anahesabika sawa na aliyeipenda sana. Fungua maoni, chagua Negative, kisha kwenye Playtime weka saa 5 hadi 20. Huyo amecheza vya kutosha kuielewa gemu, na bado hajaizoea hadi kasoro zake zimpotee machoni.

Soma analolalamikia, halafu jiulize kama na wewe litakukera. Chukua Hollow Knight, inayosifiwa karibu na kila mtu. Wanaoikataa husema ramani ya kila eneo lazima uitafute na kuinunua, na ukifa unarudi kwenye benchi la mwisho, unatembea upya hadi kwa bosi. Mpenda kuzurura na kugundua njia atafurahia hayohayo. Mwenye nusu saa tu baada ya kazi ataishia kutembea.

Angalia pia saa za siku alipoandika, zimeandikwa pembeni ya jumla. Aliyelaani akiwa na saa 12 na sasa ana 300 aliendelea kucheza, kwa hiyo lawama yake ipime upya.

Njia hii haisaidii gemu iliyotoka jana, wala ya mtandaoni ambayo malalamiko yake ni ya seva. Na kuna wanaoiacha imewashwa usiku kucha, saa zikapanda bure.