Kabla ya kupaka protini, vuta unywele mmoja

Ule mtihani wa kudumbukiza unywele kwenye glasi ya maji ili kujua kama nywele zinafyonza maji haraka au polepole, mimi niliuacha. Mafuta kidogo tu yanaufanya uelee, hata kama unafyonza maji vizuri. Osha nywele kwa shampuu, ziache zikauke bila kondishona, kisha nyunyizia maji sehemu ndogo. Matone yakikaa juu kama umande kwenye jani la nduma, zinafyonza polepole. Yakipotea papo hapo, zinafyonza haraka. Mara nyingi ni zile zilizopakwa rangi au kuchomwa na pasi.

Hilo bado halikuambii upake nini, protini au kondishona. Lowesha unywele mmoja, uvute taratibu. Mteja wangu hapa Kondele, mwenye nywele za rangi, alipaka protini kila wiki kwa kuwa zilikuwa zinakatika. Unywele wake ulikatika hata kabla ya kurefuka: protini ilikuwa imezidi. Tuliisimamisha, tukapaka kondishona nzito kila wiki, dakika 20 chini ya kofia ya plastiki. Baada ya wiki nne ulianza kunyumbuka. Ungevutika sana na kubaki umelegea bila kurudi, hapo ningempa protini, mara moja tu, kisha kondishona.