Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanga Kebo Ndani ya Kasha la Kompyuta

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili kupunguza chaji iliyobaki. Hilo halihitaji maelezo.

Kabla ya kufunga ubao mama, pitisha kebo ya umeme wa prosesa, ile ya pini nane inayochomekwa kwenye kona ya juu. Katika makasha mengi tundu lake ni dogo, na ubao ukishakaa pamoja na feni ya prosesa, plagi haipenyi tena. Utalazimika kuikatisha kebo katikati ya ubao, juu ya kadi ya picha, na huko itabaki kwa miaka. Plagi hii isichanganywe na ile ya kadi ya picha, ambayo nayo ina pini nane lakini mpangilio wake wa umeme ni kinyume. Ikigoma kuingia, usiilazimishe.

Kuhusu hewa, usidanganyike kwamba kila waya unaoonekana unaongeza joto. Kebo moja nyembamba inayoning'inia haibadilishi chochote cha maana. Kinachodhuru ni furushi la kebo za ziada lililosukumiwa nyuma ya feni ya mbele, mahali ambapo hewa baridi inaingilia, kwa sababu hapo hewa huzuiwa kabla haijaifikia kadi ya picha, na vumbi hupata pa kujishikiza. Furushi hilo lihamishie nyuma ya bamba linalobeba ubao mama. Waya mwembamba wa feni nao usiuache huru: ukigusa panga utasikia mlio wa tik-tik, na ukiisimamisha feni ya prosesa, kompyuta itapunguza kasi au itajizima yenyewe.

Tumia mikanda ya kunata na kubanduka badala ya tai za plastiki. Tai hukatwa kwa wembe, na wembe hauchagui kati ya tai na ganda la waya.

Sasa nifike kwenye lililonigharimu. Mpiga picha mmoja aliniletea kompyuta ambayo pawa saplai yake ilikuwa imekufa. Ilikuwa ya aina ambayo kebo zake huchomolewa pande zote mbili, na kebo za diski nilikuwa nimezipanga mwenyewe miaka miwili nyuma, zikiwa zimebanwa kwa tai zaidi ya kumi. Nilinunua pawa saplai ya kampuni nyingine, na kwa kuwa sikutaka kuifumua kazi yangu, niliziacha kebo za zamani mahali pake nikazichomeka kwenye kifaa kipya. Plagi ziliingia vizuri, hata kile kibano kikalia. Nilipowasha, feni zilizunguka nusu mzunguko zikasimama. Nilijaribu tena, na hilo ndilo kosa la pili. Harufu ya kuungua ilitoka kwenye diski mbili zenye picha za harusi ambazo wenyewe walikuwa hawajakabidhiwa.

Sababu yake ni hii. Upande wa kebo unaoingia kwenye diski umewekewa kiwango kimoja duniani kote, lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai kila kampuni hujipangia, na wakati mwingine hata kampuni moja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Umbo la plagi linaweza kufanana kabisa huku volti 12 zikiwa zimekaa mahali pa volti 5. Diski iliyotegemea volti 5 haivumilii hilo.

Kwa hiyo, pawa saplai ikibadilishwa, kebo zake zote zitoke pamoja nayo. Ikiwa huna uhakika, acha diski zote bila kuchomekwa, washa kompyuta, kisha pima plagi ya SATA, ile inayoingia kwenye diski, kwa mita: ncha nyeusi kwenye chuma kisicho na rangi cha kasha, ncha nyekundu kwenye mguso wa nane kati ya 15, ulio katikati kabisa. Usomaji uwe kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukiona 12, zima na uchomoe. Kuhesabu rangi za nyaya hakusaidii siku hizi, kwa kuwa kebo nyingi ni nyeusi tupu.

Kebo zilizobaki ziweke kwenye mfuko ulioandikwa jina na toleo la pawa saplai. Karibu na kila diski acha urefu wa ziada wa vidole vinne hivi, ili siku ya kuongeza nyingine usilazimike kufungua mkanda wowote. Mwishowe, washa mashine kabla ya kufunga ubavu wa kasha, na ubavu huo ukivimba usiusukume kwa goti, kwani plagi za SATA zikikandamizwa pembeni huvunjika kwenye diski yenyewe. Fungua, tandaza kebo zilale bapa, kisha jaribu tena.